Raketi tano kwenye gunia la Kongowea: ipi ni ya mchezo gani?

Mwalimu mmoja wa michezo kutoka shule ya Likoni alinitumia picha jioni moja kwa WhatsApp. Muuzaji wa mitumba pale soko la Kongowea alikuwa ametandaza gunia jeusi, akapanga raketi tano juu yake, akapiga picha moja akiwa amesimama. Chini ya picha aliandika kwamba moja ni ya tenisi, moja ya mezani, na tatu zilizobaki zote ni za badmintoni. Mwalimu alitaka za badmintoni kwa ajili ya darasa la sita, na muuzaji alimwambia akizichukua hizo tatu atamfungulia robota lenye nyingine za aina hiyo hiyo. "Fundi, nitazame nini hapa? Mimi naona zote zina nyuzi na mpini," akaniandikia.

Kazi yangu ni kupiga nyuzi za raketi, na maswali ya namna hii hunijia sana, maana raketi za mitumba hufika Mombasa zikiwa zimechanganywa na viatu vya mpira, glavu na vifaa vingine vya michezo, na aliyefungua robota mara nyingi hajawahi kucheza hata mchezo mmoja kati ya hiyo. Picha hii nimeichagua kwa sababu ndani yake mlikuwa na rahisi mbili, ngumu mbili, na moja ambayo picha ile peke yake isingeweza kuitolea hukumu. Nitaziita A, B, C, D na E, kutoka kushoto kwenda kulia.

Nianze na E, kwa kuwa haina mjadala. Raketi ya tenisi ya meza haina nyuzi. Ni kibao cha mbao kilichobandikwa mpira pande zote mbili, chenye mpini mfupi wa karibu sentimita 10, na urefu wake wote ni kama sentimita 25 au 26. E ilionekana upande mwekundu. Upande wa pili, ukifuata kanuni, ni mweusi. Kitu pekee kinachoweza kukuhadaa hapa ni vibao vya kuchezea ufukweni, vile ambavyo watalii huviacha hotelini wakirudi kwao. Navyo ni vya mbao na umbo lake linafanana, lakini ni vizito, na mbao zake ziko wazi bila mpira. Mpira wa tenisi ya meza unaweza kubanduka, kweli, ila huacha alama za gundi, na ukitazama ukingo wa kibao utaona matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa pamoja. E ilikuwa na mpira wake. Tukaiweka kando.

A nayo ilijitaja. Kichwa kikubwa cha duara lililorefuka, na chini yake fremu imegawanyika mikono miwili inayokutana kwenye mpini, katikati pakabaki pembetatu iliyo wazi. Sehemu hiyo ndiyo tunayoiita koo. Raketi ya tenisi ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, na kanuni za tenisi zinaruhusu mpaka 73.7. Kichwa chake, ukipima nje ya fremu, huwa na upana wa karibu sentimita 26. Mpini ni mnene, una pande nane zinazoonekana wazi, na kitako chake kimetanuka ili mkono usiteleze. Katika picha ya muuzaji, kitako cha A kilikuwa kimeelekea kamera, na ukikuza picha ulisoma "L3" juu yake. Hicho ni kipimo cha unene wa mpini wa tenisi. Basi A ni ya tenisi, na hapo muuzaji alikuwa sahihi.

Nimeirefusha A kidogo kwa sababu ina kazi nyingine. Picha ya namna hii haina rula ndani yake. Huwezi kujua kwa macho kama kitu ni kidogo au kiko mbali tu. Lakini ukishakuwa na uhakika na kimoja, na kipimo chake unakijua, hicho ndicho kinakuwa rula ya vingine vilivyolala karibu nacho.

Sasa B. Hii ndiyo iliyomfanya mwalimu asite, na ndiyo ambayo muuzaji alikuwa akiisifu zaidi: "Hii badmintoni ya kisasa, shekhe, haivunjiki." Nayo ilikuwa na koo lililo wazi kama A, mikono miwili, na daraja dogo linalofunga kichwa kwa chini. Kwa mtazamo wa haraka ilionekana kama raketi ya tenisi iliyokonda. Mwalimu mwenyewe alidhani ni tenisi ya watoto. Basi hapa tulikuwa na majibu matatu ya kuchagua: badmintoni kama anavyosema muuzaji, tenisi ya watoto kama anavyodhani mwalimu, au skwoshi, ambayo hakuna aliyeitaja.

Nilichukua rula ya kawaida nikaiweka juu ya kioo cha simu. A ilikuwa na urefu wa milimita 96 kwenye kioo na upana wa kichwa milimita 40. B, iliyolala ubavuni mwake sambamba, ilikuwa na urefu wa 94 na upana wa 30. Hesabu ya kwanza niliyoifanya ni ya kujikagua: raketi ya tenisi upana wake ni kama asilimia 38 ya urefu wake, lakini A kwenye kioo ilitoa karibu 42. Maana yake picha imefupisha urefu. Muuzaji alisimama upande wa mipini akaelekeza simu mbele kwa mshazari, hivyo vichwa vikawa mbali kidogo na urefu ukabanwa. Hii hutokea karibu katika kila picha ya sokoni, na ndiyo sababu huwezi kuchukua uwiano wa raketi moja peke yake ukauamini. Ungechukua wa B bila kuujali mshazari, ungepata karibu 32, ambao haukwambii kitu.

Lakini A na B zililala sambamba, umbali sawa na kamera, kwa hiyo kosa la picha limezipata zote mbili kwa kiwango kile kile. Badala ya kulinganisha upana na urefu wa raketi moja, linganisha raketi na raketi. Upana wa B ni 30 kwa 40 ya A, yaani robo tatu. Robo tatu ya sentimita 26 ni 19.5. Na urefu wa B ni 94 kwa 96, ambao kwa uhalisia ni kama sentimita 67. Basi tuna raketi ndefu kama ya mtu mzima, yenye kichwa cha upana usiofika sentimita 20.

Hapo tenisi ya watoto ikatoka. Raketi za tenisi za watoto hufupishwa: zipo za sentimita 48, 53, 58, 63.5 na 66, lakini kichwa chake hakikondeshwi hivyo. Ile ya sentimita 66, ambayo ni ya mtoto mkubwa, ina kichwa kinachokaribia cha mtu mzima. Na zile fupi zinaonekana vichwa vikubwa mipini mifupi, kinyume kabisa na B. Raketi ndefu yenye kichwa chembamba si ya mtoto.

Zimebaki badmintoni na skwoshi, na hapa ndipo vipimo vya jumla vinapokwisha nguvu. Kanuni za badmintoni zinataka fremu isizidi sentimita 68 kwa urefu na 23 kwa upana. Kanuni za skwoshi zinataka isizidi 68.6 kwa urefu na 21.5 kwa upana. Ukiangalia umbo la nje tu, hizi mbili zinaingia kwenye sanduku moja. Ndiyo maana watu huzichanganya kuliko nyingine zote, na muuzaji hakuwa na nia mbaya alipoiita B badmintoni. Zina urefu ule ule na upana ule ule.

Tofauti iko kati ya kichwa na mpini. Raketi ya badmintoni ina shingo: fimbo moja nyembamba, yenye unene wa kama milimita 7, inayotoka katikati ya chini ya kichwa na kushuka karibu sentimita 20 mpaka kwenye mpini. Ni kama kalamu ya risasi iliyochomekwa kati ya kichwa na mkono. Haina koo, haina mikono miwili, haina pembetatu. Raketi za skwoshi za leo huja kwa namna mbili. Moja ina koo na daraja kama la tenisi, na hiyo ndiyo B. Nyingine haina daraja kabisa: nyuzi za wima zinashuka kutoka juu ya kichwa zikipitia kooni mpaka karibu na mpini, na umbo lote linakuwa kama tone la maji lililogeuzwa. Hiyo ya tone ni rahisi zaidi kuitambua. Ile ya daraja ndiyo inayoleta ubishi.

Ushahidi wa pili ni hesabu ya nyuzi, na huu naupenda kuliko wowote kwa sababu haujali mshazari wala umbali. Nyuzi za wima, zile zinazotoka juu kwenda chini, hazibadiliki idadi hata picha ikipigwa kwa pembe gani. Tenisi kwa kawaida ina 16 au 18. Skwoshi mara nyingi ni 14 au 16. Badmintoni ina nyuzi za wima 22 hivi, ndani ya kichwa chenye upana ule ule wa skwoshi. Kwa hiyo vijumba vya wavu wa badmintoni ni vidogo, chini ya sentimita moja, na vya skwoshi na tenisi ni vikubwa zaidi. Nilikuza picha ya B nikahesabu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nikazidisha mara mbili, maana nyuzi za pembeni hujificha kwenye kivuli cha fremu. Saba kila upande. Kumi na nne. B ni skwoshi.

Nilimpigia mwalimu nikamweleza. Akauliza swali zuri: je, watoto hawawezi kuichezea badmintoni hivyo hivyo? Wataweza kuipiga, lakini raketi ya badmintoni ina uzito wa gramu 80 hadi 90 hivi, na ya skwoshi, hata iliyo nyepesi, inapita 110, wakati nyingine zinafika 170. Badmintoni inachezwa kwa kifundo cha mkono. Mtoto wa miaka kumi na miwili akipewa gramu 150 atakuwa anapiga kwa bega. Na ukigeuza, ukampa mtu raketi ya badmintoni akapige nayo mpira wa skwoshi ukutani, shingo itakatika au nyuzi zitapasuka siku hiyo hiyo. Raketi za namna hiyo watu huniletea nizitengeneze, na shingo iliyokatika haitengenezeki.

C ilikuwa na kisa chake. Mwalimu aliniandikia kwamba hiyo hataki, "maana haina nyuzi, ni fremu tupu." Kwenye picha kweli ilionekana hivyo: kichwa, shingo nyembamba, mpini, na ndani ya kichwa unaona weusi wa gunia moja kwa moja. A na B zilikuwa na nyuzi zinazoonekana. C haina.

Nikamwambia asiikatae bado. Uzi wa badmintoni una unene wa milimita 0.7 hivi, na mwingine ni mwembamba zaidi ya hapo. Uzi wa tenisi ni kama 1.3. Fikiria picha iliyobanwa na WhatsApp ikabaki na nukta 1,600 kwa upana, na gunia lililomo ndani ya picha lina mita 1.6. Kila nukta inabeba milimita moja ya gunia. Uzi wa tenisi unajaza nukta nzima na ziada, kwa hiyo unaonekana. Uzi wa badmintoni haujazi hata nukta moja, hivyo simu inauchanganya na rangi ya gunia, na ukiwa uzi wenyewe una rangi ya kijivu juu ya gunia jeusi, unapotea. Kwa hiyo, katika picha moja, raketi ambayo nyuzi zake zimetoweka huku za jirani yake zinaonekana, hiyo yenyewe ni dalili ya badmintoni. Si uthibitisho, kwa sababu inaweza kuwa kweli haina nyuzi. Lakini ni dalili inayokwambia uombe picha nyingine badala ya kuikataa.

Mwalimu akamwomba muuzaji atume tena akibonyeza "HD" kabla ya kutuma, na aisogelee C. Picha ya pili ikaja na wavu ukaonekana wote, mzima isipokuwa uzi mmoja wa pembeni uliokatika. Nyuzi za wima zilikuwa 22. Kichwa kilikuwa na umbo ambalo raketi nyingi za badmintoni za sasa zinalo, juu pamebapa kidogo na mabega yamepanuka, badala ya yai kamili la zamani. Na mahali shingo inapoingia kwenye mpini palikuwa na kikoni cha plastiki, yaani mpini unakonda taratibu mpaka kuwa fimbo. Juu ya kikoni hicho pameandikwa "4U G5". Namba hizi ni za badmintoni: 4U ni uzito wa gramu 80 hadi 84, na G5 ni unene wa mpini, mzingo wa milimita 83 hivi.

Maandishi yakiwepo, yasome kabla ya kupima chochote. Hata kama jina la kampuni limefutika, mara nyingi kooni au kwenye kikoni hubaki kipimo cha mkazo wa nyuzi kwa ratili. Ukikuta "50-60 LBS" hiyo ni tenisi. Ukikuta "20-28 LBS" hiyo si tenisi kwa vyovyote, na itabidi uendelee kutafuta kati ya badmintoni na skwoshi, maana mikazo yao inakaribiana.

Naomba niseme neno kuhusu mpini, kwa kuwa mwalimu alianza na mpini na wengi huanza nao. Mpini wa tenisi ni mnene na una pembe. Wa badmintoni ni mwembamba na una kile kikoni juu. Wa skwoshi huwa mrefu, pembe zake zimelainishwa zaidi, na fremu inashuka ndani yake moja kwa moja bila kikoni. Yote hayo ni kweli dukani, raketi ikiwa mpya. Kwenye mitumba mpini ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Mtu aliyekuwa nayo kabla yako ameuzungushia gripu ya pili juu ya ile ya kwanza, pengine na ya tatu. Wengine wa badmintoni hufunga gripu ya taulo, nene, na mpini ukawa kama wa tenisi. Joto na chumvi ya huku kwetu hulainisha gripu ya zamani ikaanza kunata, na muuzaji akiona inachafua mikono anaibandua na kuviringisha utepe wowote alionao. A ya tenisi yenyewe ilikuwa imefungwa utepe wa bluu unaofanana kabisa na wa B. Kama si kile kitako kilichoelekea kamera, mpini wake usingetusaidia.

Sasa D, na hapa nilimwambia mwalimu wazi kwamba kwa picha ile siwezi kusema.

D ilikuwa ya mbao tupu. Kichwa cha mduara, kidogo, na chini yake shingo ndefu ya mbao moja mpaka kwenye mpini. Muuzaji aliiita badmintoni ya zamani, na ukifuata yale niliyoyasema juu ya shingo, ungekubaliana naye mara moja. Shida ni kwamba sheria ya shingo inafaa kwa raketi za leo. Kabla ya alumini na nyuzi za kaboni kuchukua nafasi ya mbao, karibu raketi zote hazikuwa na koo lililo wazi kama la sasa. Skwoshi ya mbao ilikuwa na kichwa kidogo cha mduara juu ya shingo ndefu, umbo ambalo leo mtu yeyote angeliita badmintoni. Tenisi ya mbao nayo ilikuwa na shingo nzima, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko cha leo, upana wa kama sentimita 23. Kwa hiyo ukiona mbao, majibu yote matatu yanarudi mezani.

Kipimo cha kulinganisha na A nacho hakikufaa. D ilikuwa imelala kwa pembe tofauti, mpini wake juu ya mwingine, na kichwa kikiwa karibu na kamera kuliko cha A. Na kulikuwa na jambo lingine: ukikitazama kivuli chake, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeinuka kutoka kwenye gunia. Mbao imepinda. Zamani raketi za mbao zilihifadhiwa ndani ya kibanio cha skrubu ili zisipinde, na kwa unyevu wa Mombasa raketi iliyokaa stoo bila kibanio haichelewi kujikunja. Kichwa kilichopinda kikipigwa picha kutoka juu huonekana chembamba kuliko kilivyo.

Nikamwambia mwalimu aombe picha tatu. Ya kwanza, raketi iwekwe juu ya karatasi ya A4, kichwa katikati ya karatasi, na simu ishikwe moja kwa moja juu yake. A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7, na inapatikana kwenye kibanda chochote cha kutoa kopi. Kichwa cha tenisi ya leo kinatoka nje ya karatasi pande zote nne, na hata cha tenisi ya mbao kinautoka upana. Cha skwoshi na badmintoni kinakaribia upana wa karatasi au kinaingia ndani yake. Ya pili, shingo ipigwe kwa karibu ikiwa juu ya ukingo wa karatasi hiyo hiyo, pamoja na kipande cha wavu. Ya tatu, raketi ikiwa juu ya mizani. Mizani ya kupimia viazi haifai kwa gramu chache. Muuza viungo wa jirani alikuwa na ndogo ya kidijiti.

Picha zilikuja kesho yake mchana. Kichwa cha D kiliingia ndani ya A4 kikabakiza nafasi ndogo pembeni, basi tenisi ikaondoka. Shingo, kwa kuipima na karatasi, ilikuwa na unene wa zaidi ya sentimita moja na nusu. Shingo ya badmintoni, hata ikiwa ya mbao, ni nyembamba kuliko hivyo, na raketi nyingi za badmintoni za kichwa cha mbao zilichomekewa fimbo ya chuma badala ya mbao. Nyuzi zilizobaki zilikuwa nene, na vijumba vyake vikubwa. Mizani ilisoma gramu 218. Raketi ya badmintoni haiwi na uzito huo, wala tenisi ya mbao haiwi nyepesi hivyo, maana yenyewe ilikuwa inapita 350. D ilikuwa skwoshi, ya zamani.

Basi katika zile tatu alizoziita badmintoni muuzaji, moja tu ndiyo ilikuwa hivyo, na ndiyo ile iliyokaribia kukataliwa kwa kudhaniwa haina nyuzi. Mwalimu aliichukua C. Uzi mmoja ukikatika kwenye badmintoni, mkazo wa wavu wote unavurugika na fremu inaweza kujikunja, kwa hiyo nilimwambia asiwape watoto kabla sijaikata nyuzi zote na kuipiga upya. B na D alimwachia mwenyewe. B ina thamani yake kwa mchezaji wa skwoshi. D kwa kuchezea haifai tena, kichwa kikishapinda hakirudi, lakini kuna watu hununua za mbao kwa kupamba ukuta.

Muuzaji hakukasirika. Alifungua robota, akapiga picha nyingine, safari hii kila raketi juu ya karatasi yake ya A4. Nne zilikuwa badmintoni bila shaka yoyote: shingo ya fimbo, kikoni, kichwa kinachokaribia upana wa karatasi. Ya tano aliandika "skwoshi ya tone, kama alivyosema fundi." Ilikuwa na umbo la tone kweli, nyuzi zikishuka mpaka kwenye mpini bila daraja. Ila kichwa kiliutoka upana wa karatasi, na mpini ulikuwa mfupi mno, wa ngumi moja tu, na kwenye kitako chake palining'inia kamba ya kuvaa kifundoni. Skwoshi haina kamba, na kanuni zake haziruhusu kichwa kipite sentimita 21.5. Nikamwomba aipime urefu kwa futi ya fundi cherehani. Sentimita 56. Hiyo ni raketi ya raketboli, mchezo wa ndani unaochezwa zaidi Marekani, ambao raketi yake kwa kanuni haizidi inchi 22, nazo ndizo sentimita 56 hizo hizo. Haimo katika michezo minne tuliyokuwa tukiizungumzia. Muuzaji akauliza aiandikeje basi. Nikamwambia aandike raketboli na urefu wake, na asiitie kwenye fungu la skwoshi.